Barua ya wazi kwa vijana wa Songea mnaorusha video za Majimaji

Ndugu zangu vijana,

Jumamosi iliyopita jioni mmoja wenu alikuja kwenye chumba changu cha kuhariria hapa Lizaboni, laptop kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa amerusha video ya dakika 16 kuhusu mashujaa walionyongwa mjini kwetu. Haikupita saa moja, alama ya dola iliyokuwa ya kijani ikageuka njano, na pembeni yake pameandikwa `Limited or no ads`. Alipoketi tu kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata rufaa. Nilimshika mkono. Nawaandikia nyote kwa sababu najua wengine wenu mmeshakibonyeza, na wengine mtakibonyeza Februari ikikaribia.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo njano, maana nimewasikia mkisema "chaneli imefungwa" au "wamenizuia". Dola ya njano haifungi chaneli, na wala haiiondoi video. Inasema kwamba video hiyo moja haifai kwa watangazaji wengi, kwa hiyo itapata matangazo machache au haitapata kabisa. Watazamaji wanaolipia YouTube ili wasione matangazo bado wanakuingizia kitu kidogo wakiitazama. YouTube wenyewe wanasema rangi hiyo haitumiki kuamua video ipendekezwe kwa nani. Kinachopotea ni sehemu yako ya pesa ya matangazo, ile asilimia 55 inayomwendea mwenye chaneli kwenye video ndefu. Kwa mtu aliyehangaika kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo akakubaliwa, ni pesa yenye uchungu. Naielewa haraka yenu.

Haraka hiyo hiyo iliniponza mimi. Miaka michache nyuma nilirusha video kuhusu vita hivyo hivyo, ikapigwa njano, nami nikabonyeza `Request review` usiku ule ule bila kubadilisha hata herufi moja. Siku chache baadaye jibu likaja: imebaki njano. Nikatafuta pa kukatia rufaa ya pili, sikupaona, kwa sababu haipo. Kila video ina rufaa moja tu. Mtu anaitazama, anaamua, na uamuzi wake ni wa mwisho. Nilipoitazama video yangu upya wiki iliyofuata niliona wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimpelekea mpitiaji kitu ambacho hata mimi, kama ningekuwa muuza sabuni, nisingependa tangazo langu likae mbele yake.

Muuza sabuni huyo ndiye wa kumweka akilini. Utaratibu huu ulikazwa mwaka 2017, pale kampuni kubwa zilipogundua matangazo yao yanaonekana kwenye video za chuki na za ugaidi, zikaondoa pesa zao. YouTube ina mwongozo mrefu wa yale ambayo watangazaji hawayataki: ukatili, vitu vya kushtua, matusi, dawa za kulevya, misiba na matukio nyeti, na mengine. Mashine hupima video yako kwa mwongozo huo. Haisomi picha peke yake. Inapima pia jina la video, kava, maelezo ya chini na maneno ya utafutaji uliyoyaweka. Haijui kwamba bibi yako alikusimulia habari hizi jikoni. Inachokiona ni kamba shingoni, rangi nyekundu na neno "damu".

Sasa nirudi kwa kijana wa Jumamosi, maana kesi yake ina kila kitu. Nilimwomba tuitazame video yake pamoja bila sauti, kama mgeni asiyejua Kiswahili wala Songea. Jina la video lilikuwa kwa herufi kubwa: WALIVYONYONGWA KIKATILI, DAMU ILIYOMWAGIKA SONGEA. Kava ilikuwa picha ya kuchora ya watu wananing'inia, mmoja kazungushiwa duara jekundu na mshale. Sekunde 20 za kwanza zilikuwa igizo: kelele, mtu anaanguka, rangi nyekundu inachuruzika shavuni, na kamera imeganda hapo. Maelezo ya chini yalikuwa namba yake ya simu na alama za reli saba. Na kwenye ile fomu ya maswali ya kujitathmini ambayo kila mwenye kuingiza pesa huijaza wakati wa kupakia, alikuwa ameweka alama kwamba video haina jambo lolote nyeti ndani yake.

Baada ya zile sekunde 20, video ilikuwa nzuri kweli kweli. Kuna mzee anaeleza jinsi wapiganaji walivyonyongwa tarehe 27 Februari 1906, na jinsi Nduna Songea Mbano alivyouawa siku chache baadaye. Anaeleza kwa nini mji unabeba jina lake. Kuna kaburi la pamoja, kuna uwanja wa makumbusho asubuhi, kuna habari ya Rais Steinmeier wa Ujerumani aliyekuja hapa tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba radhi. Dakika 15 za elimu zilikuwa zimefungiwa nyuma ya mlango uliopakwa damu, na mashine iliishia mlangoni.

Mambo manne tuliyoyafanya ndiyo nataka myajue, na mpangilio wake una maana.

Tulianza kwa kuhakikisha njano ile ni njano ya matangazo kweli. Msicheke hatua hii. Katika `Content`, safu inayoonyesha vizuizi inaweza kuwa na jambo lingine kabisa. Ikiwa kizuizi ni cha hakimiliki, labda kwa sababu umeweka wimbo wa mtu nyuma ya simulizi au umechukua kipande cha ziara ya Steinmeier kutoka kituo cha televisheni, hiyo ni kesi nyingine yenye fomu nyingine. Huko unabishana na mwenye kazi, naye ana siku 30 za kujibu. Ukibisha ndani ya siku 5 tangu madai yaingie, pesa ya video inawekwa kando tangu siku ya kwanza hadi mgogoro uishe. Ikiwa video imewekewa kizuizi cha umri, matangazo yanaweza kupungua au kukosekana kwa sababu hiyo, na rufaa yake ni ya kizuizi cha umri. Nimemwona mtu akitumia wiki mbili kupigania dola wakati tatizo lilikuwa ni umri. Ya kijana wetu ilikuwa njano ya matangazo tupu.

Kisha tuliigusa video yenyewe, na hapa ndipo nilipobishana naye sana. Alitaka kuifuta na kuipakia upya. Nilimkatalia. Ukiifuta unapoteza watazamaji, maoni na kiungo ambacho watu wameshatumiana kwenye magrupu ya WhatsApp, na ile mpya itapimwa kwa mizani ile ile. YouTube Studio ina sehemu ya `Editor` ambayo inakata kipande cha video iliyokwisha kurushwa bila kubadilisha kiungo chake. Tulikata sekunde 12 za igizo, zile za shavu na rangi. Tukamwacha mzee aanze kuzungumza mapema. Kuna picha moja ya zamani ya miili ndani ya dakika ya 9. Hatukuiondoa, tuliifunika kwa ukungu wa `Blur`, na sauti ya mzee inaendelea kueleza juu yake. Kazi hii huchukua muda kuiva. Kwa video ya dakika 16 tulisubiri saa kadhaa, na wakati huo toleo la zamani ndilo linaloonekana. Usikate rufaa kabla toleo jipya halijakaa, la sivyo mpitiaji anaweza kukuta lile la zamani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mmoja wenu aliniambia, "Kaka, unatutaka tufiche walichofanya Wajerumani." Hapana. Hakuna neno hata moja la mzee tulilolitoa. Bado anasema walinyongwa, anasema wapi, lini na kwa amri ya nani. Mwongozo wa watangazaji hauzuii kusimulia mauaji. Unatofautisha kati ya ukatili unaoelezwa ili mtu ajifunze na ukatili unaoonyeshwa ili mtu ashtuke. Kilichotoka ni rangi nyekundu iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya igizo. Mashujaa wetu hawakuhitaji rangi hiyo, na kwa kweli naona video imepata heshima zaidi bila hiyo. Kama siku moja mkiambiwa kwamba ili mpate tangazo ni lazima msiseme "walinyongwa", basi iacheni ibaki njano, na mimi nitakuwa upande wenu.

Jambo la tatu lilikuwa mlango. Jina likawa: Vita vya Majimaji, Siku ya 27 Februari 1906 Mjini Songea. Kava ikawa uso wa mzee, nyuma yake kaburi la pamoja, bila duara wala mshale. Alilalamika kwamba watu hawatabonyeza. Huenda kweli wachache zaidi watabonyeza siku ya kwanza, lakini kava ya watu wananing'inia ilikuwa inampeleka mahali ambapo kila anayebonyeza hamlipi.

Maelezo ya chini ndiyo niliyoyapa muda mwingi kuliko vyote, na sababu yake ni hii. Wengi wenu mnadhani rufaa ni barua ndefu mnayomwandikia mtu huko ng'ambo, mkimweleza jinsi mlivyohangaika na jinsi bando lilivyo ghali. Fomu ya rufaa haina nafasi ya hivyo. Inabadilika mara kwa mara, na hata inapokupa mahali pa kuandika, ni pafupi. Anayepitia anaitazama video, jina, kava, maelezo na maneno ya utafutaji. Ushahidi wako unatakiwa uwe umekaa humo tayari kabla hujabonyeza. Msidhani pia kwamba anayepitia amewahi kusikia habari za Majimaji. Tuliandika hivi:

"Video hii ni simulizi ya kihistoria kuhusu Vita vya Majimaji (1905–1907) na wapiganaji walionyongwa na utawala wa Kijerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906. Mzee wa Songea anaeleza tukio hilo kwa ajili ya wanafunzi na vizazi vijavyo. Picha za zamani zimefunikwa. Igizo lililomo ni la kuelezea historia na halionyeshi tukio halisi."

Chini yake tukaweka tafsiri ya sentensi hizo kwa Kiingereza, halafu vituo vya video kwa dakika: 0:00 mzee anajitambulisha, 2:10 chanzo cha vita, 6:45 kukamatwa, 8:30 tarehe 27 Februari, 12:20 makumbusho leo. Vituo hivyo vinamsaidia mtazamaji wa kawaida, na pia vinamwonyesha mpitiaji kwamba hili ni somo lenye mpangilio. Maneno ya utafutaji ya "damu" na "ukatili" tuliyafuta, tukabakiza historia, Songea, Majimaji.

Jambo la nne lilikuwa ile fomu ya kujitathmini, ambayo tuliirudia. Kijana alikuwa ameogopa kwamba akikiri video ina ukatili atajichongea mwenyewe. Ni kinyume chake. Kwenye sehemu ya ukatili kuna ngazi, na mojawapo ni ya ukatili unaotajwa katika muktadha wa elimu au habari bila kuonyesha yanayotisha. Ukiijaza kwa ukweli, majibu yako yanalinganishwa na kile ambacho mashine na wapitiaji wanakiona, na chaneli yenye historia ya kujaza vizuri inaaminiwa zaidi. Ukisema "hamna kitu" kwenye video ya watu kunyongwa, umejiandikia rekodi ya kutoaminika ambayo itaifuata video yako ijayo ya mapishi ya mbelele.

Baada ya hayo yote tulilala. Asubuhi tukaitazama tena mara moja, safari hii na sauti, tukiwa na mwongozo wa watangazaji umefunguliwa pembeni, na tukajiuliza swali moja kwa kila dakika: kipo hapa kitu ambacho hatuwezi kukitetea? Hakikuwepo. Ndipo akaingia `Content`, akapeleka mshale juu ya neno la njano kwenye safu ya `Monetization`, akabonyeza `Request review`, akaweka alama kwamba amesoma mwongozo, akatuma. Majibu yanaweza kuchukua hadi siku 7. Nilimkataza kugusa chochote katika siku hizo, asibadilishe jina wala kava, ili anachokiona mpitiaji kiwe kile kile tulichokikagua. Siku ya nne alinitumia picha ya skrini. Ilikuwa kijani.

Nilifurahi naye, kisha ikabidi nimwambie jambo lisilofurahisha. Pesa ya siku zile za njano hairudi. Hakimiliki ina utaratibu wa kuweka pesa kando wakati mnabishana, lakini njano haina. Watazamaji wake wengi walikuja siku mbili za mwanzo, wakati watu wanatumiana kiungo, na hao wamepita bila tangazo. Rufaa aliyoshinda imemletea mapato ya watakaokuja baadaye tu. Kwa video ya historia hiyo si haba, maana wanafunzi wataitafuta kila mwaka, lakini kwa video ya tukio la siku hiyo ni hasara karibu yote.

Kuna video ambazo sitawashauri mzikatie rufaa hata kidogo. Mwezi uliopita mmoja wenu alirusha ajali ya bodaboda barabara ya kwenda Njombe, majeruhi bado yuko chini, watu wanapiga kelele, hakuna maelezo, hakuna mahojiano, hakuna lolote analojifunza mtu. Njano ile ilikuwa haki. Unapokata rufaa kwa video kama hiyo unamtafutia mtu kazi ya bure, na wewe mwenyewe unajifunza kwamba rufaa hazifanyi kazi, somo ambalo si kweli. Na zaidi ya dola, yule aliye chini ana mama yake. Nyote mnamfahamu mama huyo.

Sasa ombi langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike hadharani badala ya kumpigia kila mmoja simu.

Februari inakuja, na tarehe 27 nyote mtakuwa uwanja wa makumbusho na kamera zenu. Mtarekodi asubuhi, mtahariri mchana, mtarusha jioni, na baadhi mtapigwa njano usiku kwa sababu ya kava. Naomba mwaka huu mfanye kazi kwa zamu mbili. Simulizi, mahojiano na wazee, historia ya vita na igizo kama mnalo, vyote hivyo virekodini Januari, viharirini, na vipakieni mapema vikiwa `Private`; zamu ya pili iwe ya siku yenyewe. Video ya chaneli inayoingiza pesa inapimwa hata ikiwa ya faragha. Hatua ya `Checks` wakati wa kupakia itawaonyesha kama kuna tatizo la matangazo au la hakimiliki kabla mtu yeyote hajaiona. Ikitokea njano, mna muda wa kukata, kufunika, kubadilisha jina, kulala, kuitazama tena, na kukata rufaa siku saba kabla. Hakuna mtazamaji anayepotea wakati video iko faragha. Hata ikitoka kijani msiiamini moja kwa moja. Rangi inaweza kubadilika siku moja au mbili za mwanzo baada ya kuiweka hadharani, kwa hiyo iangalieni asubuhi na jioni.

Na kabla mmoja wenu hajabonyeza `Request review`, amwonyeshe mwenzake. Nasema mwenzake wa kazi hii, asiwe shabiki wake. Aitazame bila sauti, asome jina na maelezo, aseme wazi anachokiona. Mlango wangu uko wazi Jumatano na Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, na sitozi chochote kwa video za Majimaji. Njooni na laptop, njooni na nywila zenu mkononi mwenu wenyewe maana sitazigusa, na tafadhali njooni kabla ya kubonyeza. Yule kijana wa Jumamosi atakuwepo pia. Amekubali kuonyesha kava yake ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu.

Nawatakieni kazi njema,

Mhariri wa video, Lizaboni, Songea